Dakika nne za nyota na tarehe 29 Februari

"Kama dunia hujizungusha kwa saa 23 na dakika 56, je, dakika nne zilizobaki ndizo zinazoleta mwaka mrefu?"

Hapana, ndugu. Dakika hizo zimeshahesabiwa ndani ya siku ya saa 24: dunia ikimaliza mzunguko mmoja kwa kipimo cha nyota, huwa imesogea karibu digrii moja katika safari yake ya kulizunguka jua, hivyo hulazimika kujizungusha kidogo zaidi ndipo jua lirudi palepale. Nyota inayochomoza leo saa mbili kamili usiku, kesho itachomoza saa mbili kasoro dakika nne.

Mwaka mrefu una sababu nyingine kabisa: mwaka wa majira una siku 365.2422. Sehemu hiyo inayozidi siku 365 ikipuuzwa, kalenda hupotoka siku 24 kwa karne. Ndiyo maana kwa kawaida kila mwaka wa nne huongezewa tarehe 29 Februari; lakini kwa kuwa sehemu hiyo haifiki robo kamili, mwaka 1900 haukuongezewa siku.