Memo ya dizeli kwa mkaguzi

"Wakuu, invoisi ya dizeli ya boti imefika ofisini Kigoma Februari, mzigo tulipokea Desemba na vitabu tulishafunga. Mkaguzi anataka memo, naandika nini?"

Mkuu hapo juu kasema krediti iende kwenye deni la saplaya na ingizo liwe la Februari. Kwenye krediti yuko sahihi, ila kuiweka Februari hapana, deni lilizaliwa siku mlipopokea mafuta sio siku karatasi ilipofika, kwahiyo ingizo ni la 31 Desemba. Tuseme lita 4,000 kwa 3,000 ni milioni 12, na lita 1,000 zilikuwa bado tangini. Hapo milioni 9 gharama ya mafuta, milioni 3 stoku, lakini angalia kwanza, kama hizo lita 1,000 mlishazihesabu kwenye stoku ya mwisho wa mwaka basi debiti milioni 12 yote kwenye gharama, la sivyo stoku inaingia mara mbili. Memo iseme hayo, iseme kwanini delivari iliyosainiwa haikufika uhasibu, faida imeshuka kiasi gani, halafu ambatanisha delivari na invoisi. Na aisee pitieni malipo yote ya Januari na Februari mtafute mengine kama hayo, mkaguzi lazima aulize. Kama ataandika ni udhaifu wa udhibiti, hiyo ni juu yake.