Stradoli au strangoli kabla ya matokeo: hisa itembee kiasi gani ndipo upate faida

"Wakuu, kampuni ninayoifuatilia inatangaza matokeo ya robo mwaka wiki hii. Naamini bei itaruka ila sijui upande gani. Ninunue stradoli au strangoli? Strangoli naona bei yake ni rahisi, nusu ya stradoli."

Mkuu, huo urahisi ndio ulioniponza mimi, kwa hiyo nakupa hesabu niliyoifanya nikiwa nimeshaingia, wakati nilipaswa kuifanya kabla.

Hisa ilikuwa dola 100, matokeo yanatoka jioni baada ya soko kufungwa, opsheni zinaisha wiki iliyofuata. Stradoli ni kununua koli, opsheni inayolipa hisa ikipanda juu ya bei yake, na puti, inayolipa hisa ikishuka chini ya bei yake, zote mbili za bei ya 100: koli dola 4.20, puti dola 4.00, jumla 8.20. Mkataba mmoja unabeba hisa 100, kwa hiyo zinakutoka dola 820. Strangoli niliyoipenda ilikuwa koli ya 105 kwa 2.10 na puti ya 95 kwa 2.00, jumla 4.10, yaani dola 410.

Ukishikilia hadi siku ya mwisho, stradoli inarudisha pesa yako hisa ikifika 108.20 au 91.80. Strangoli inahitaji 109.10 au 90.90, kwa sababu hisa lazima kwanza ivuke zile dola 5 za mwanzo ndipo ianze kulipa gharama. Nusu ya bei, lakini mwendo unaotakiwa ni mrefu zaidi. Tena tazama katikati: hisa ikiishia popote kati ya 95 na 105, strangoli inakufa yote. Stradoli inakufa yote ikiishia 100 kamili tu.

Kosa langu lilikuwa kusema, "kama ni nusu bei, nichukue mbili." Nikachukua strangoli mbili kwa dola 820 zilezile. Piga hesabu uone zinapolingana: hisa ikitembea dola 10, stradoli moja inakupa faida ya 180, na strangoli mbili zinakupa 180 vilevile. Zaidi ya hapo strangoli mbili zinaiacha stradoli mbali, chini ya hapo stradoli ndiyo bora. Kwa hiyo mtu anayenunua strangoli mbili anaweka dau kwamba hisa itavuka asilimia 10. Mimi sikuwa na sababu yoyote ya kuamini hivyo, nilivutwa na bei tu.

Asubuhi hisa ikafungua 106. Nikashangilia, asilimia 6 si mchezo! Nilipofungua akaunti, koli yangu ya 105 ilikuwa kama dola 2.85 na puti senti 5. Strangoli niliyoinunua 4.10 inauzika 2.90. Nimepatia kwamba itaruka, na bado nimepoteza dola 240 kwenye zile mbili. Stradoli moja asubuhi hiyo ilikuwa karibu 6.90, hasara 130.

Kilichotokea ni kwamba kabla ya tangazo wauzaji wanatia bei ya wasiwasi ndani ya opsheni, ndiyo ile namba iliyoandikwa `IV` kwenye skrini ya broka. Habari ikishatoka, wasiwasi unaisha na namba inaporomoka kwa usiku mmoja. Strangoli inaumia zaidi kwa kila dola uliyoweka, kwa kuwa unapoinunua, hisa haijafika bei ya opsheni yake yoyote, na thamani yake yote ni huo wasiwasi.

Siku hizi naanza na bei ya stradoli yenyewe. 8.20 kwa hisa ya 100 ni kama soko linakwambia linatarajia mwendo wa takribani asilimia 8 juu au chini, pamoja na siku chache zilizobaki kabla ya opsheni kuisha. Halafu nachukua matangazo 8 yaliyopita ya kampuni hiyohiyo, naandika hisa ilitembea asilimia ngapi kutoka ilipofunga hadi ilipofunga kesho yake. Ikiwa mengi yako kwenye 4 hadi 6, sinunui chochote, hata niwe na hisia kali namna gani. Yakiwa 9 au 10 mara nyingi, stradoli ina maana. Strangoli naigusa pale tu ninapoona miruko miwili mitatu mikubwa sana, ya 15 na kuendelea, na pesa ninayoweka niko tayari iishe yote.

Angalia pia pengo la bei ya kununua na ya kuuza. Pengo la senti 15 kwa kila opsheni, ukiingia na kutoka, linakula kama senti 30 kwa jumla. Kwenye 8.20 hizo ni chini ya asilimia 4, kwenye 4.10 ni zaidi ya 7. Weka oda ya bei maalumu katikati ya pengo, usinunue kwa bei ya sokoni.

Nipe bei ya hisa yako na bei ya koli na puti za karibu nayo, tupige hesabu yako kabla tangazo halijatoka.