Bei ya hatifungani: milioni inayojificha kati ya tarehe mbili

Barua nyingi safari hii zinahusu hatifungani zilizonunuliwa mkononi, si kwenye mnada. Nusu yake haziwezi kujibiwa kwa sababu mwandishi hakutaja tarehe ya malipo. Bila tarehe hiyo hakuna bei. Kwa hiyo nimeweka hati moja ya mfano itutoshe wote: kuponi ni 12% kwa mwaka, inalipwa kila 15 Machi na 15 Septemba, inaiva 15 Machi 2030, na mnunuzi anailipia 10 Juni 2025. Kwenye Excel, B1 ni tarehe ya malipo na B2 ni tarehe ya kuiva.

Dalali alinitajia bei ya 96.4824 kwa hati ya milioni 50. Nikajua nitalipa kama milioni 48.2. Karatasi imekuja na 49,659,678 kabla ya kamisheni. Milioni moja na laki nne hizi ni za nini? (Kirumba, Mwanza)

Ni riba ya muuzaji. Yeye aliishika hati kuanzia 15 Machi hadi 10 Juni, siku 87, lakini kuponi ya 15 Septemba utaipokea wewe nzima. Kwa hiyo unamlipa sehemu yake leo, na Septemba fedha hiyo inakurudia ndani ya kuponi. Hujaibiwa.

Bei inayotajwa sokoni huwa haina riba hiyo, na ndiyo bei hiyohiyo PRICE inayotoa. Mavuno yakiwa 13%, andika:

```
=PRICE(B1,B2,12%,13%,100,2,1)
```

Jibu ni 96.4824 kwa kila 100 ya thamani ya hati. Ile 100 ni kiasi utakachorudishiwa hati ikiiva, 2 ni idadi ya kuponi kwa mwaka, na 1 ya mwisho ni msingi, yaani namna ya kuhesabu siku, ambayo nitaieleza chini. Riba iliyolimbikizwa unaitafuta peke yake:

```
=100*12%/2*COUPDAYBS(B1,B2,2,1)/COUPDAYS(B1,B2,2,1)
```

COUPDAYBS inahesabu siku tangu kuponi iliyopita, nazo ni 87. COUPDAYS inahesabu siku za kipindi chote cha kuponi, yaani 184. Kuponi ya nusu mwaka ni 6, hivyo 6 mara 87 gawa kwa 184 ni 2.8370. Kwa milioni 50, bei ni shilingi 48,241,200, riba ni 1,418,478, na jumla ni ile uliyoandikiwa. Fanya hesabu hii kabla ya kukubali bei. Nimeona wanunuzi wanaotenga fedha ya bei tupu, kisha siku ya malipo wanahangaika kukopa milioni iliyopungua.

Nimeambiwa mavuno ni 13% lakini YIELD yangu inaleta 12.18%. Nani anadanganya? (Nyegezi)

Hakuna. Umeingiza 99.3193, yaani bei pamoja na riba. YIELD inataka bei bila riba, kisha riba inaiongeza yenyewe kwa kutumia tarehe ulizoipa. Wewe umeifanya ihesabu riba mara mbili.

```
=YIELD(B1,B2,12%,96.4824,100,2,1)
```

Hapo utapata 13.00%. Kosa hili linanifikia kila mwezi, na ubaya wake ni kwamba halileti alama yoyote ya hitilafu, linaleta namba inayoonekana ya kawaida kabisa. Kila ukipata mavuno, yarudishe kwenye PRICE. Yasipokurudishia bei uliyoanza nayo, au bei hiyo isipokuwa ile ya dalali, simama hapo.

Ninagawanya 12 kwa 96.48 napata 12.44%. Si ndiyo mavuno? (Bukoba)

Hapana, umeacha ile 3.52 utakayoipata juu ya bei hati ikiiva, na umesahau kwamba kila kuponi ina tarehe yake.

Fomula inaandika #VALUE! ingawa tarehe nimeziandika sawasawa, 10/06/2025 na 15/03/2030. (Musoma)

Hujaziandika sawasawa kwa macho ya kompyuta yako. Kompyuta nyingi tunazonunua zimepangwa kusoma tarehe kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza. Ikikutana na 15/03/2030 inatafuta mwezi wa 15, haiupati, inaiacha kama maandishi. Ndiyo #VALUE! unayoiona.

Hiyo ya kuiva walau imepiga kelele. Ya kuogopa ni 10/06/2025, kwa sababu kompyuta imeikubali kimya kimya kama 6 Oktoba 2025. Ukirekebisha ya kuiva peke yake, kosa litatoweka kwenye skrini na libaki kwenye fedha. Oktoba 6 ni siku 21 tu tangu kuponi ya 15 Septemba, na kipindi hicho kina siku 181, kwa hiyo riba ya milioni 50 itasomeka 348,066 badala ya 1,418,478. Ukiwa muuzaji, umeacha zaidi ya milioni moja mezani.

Andika tarehe kwa njia isiyoweza kugeuzwa:

```
=DATE(2025,6,10)
```

Kisha muulize Excel kuponi iliyopita ilikuwa lini, kwa COUPPCD(B1,B2,2,1). Ikikuonyesha 45731 usishtuke, hiyo ni 15 Machi 2025 ambayo bado haijavalishwa sura ya tarehe. Badilisha mwonekano wa seli. Ikisema 15 Septemba 2025, ujue siku na mwezi vimepinduka. COUPNUM nayo itakushtaki: hati yetu ina kuponi 10 zilizobaki, na tarehe iliyopinduka itakupa 9. Mimi siamini karatasi yoyote ya bei isiyo na seli hizi mbili, hata kama imetoka kwa mtu mwenye ofisi nzuri.

Ukiwa hapo, angalia pia kama kuponi umeiandika 12% au 12. Ukiandika 12 bila alama, Excel inaelewa asilimia 1,200.

Hiyo namba ya mwisho, 0 hadi 4, mimi huiacha wazi na bei inatoka vizuri tu. Kuna haja gani ya kuijaza? (Mhazini wa SACCOS, Sengerema)

Wewe unashika fedha za wanachama, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu. Ukiiacha wazi, Excel inachukua 0, maana yake kila mwezi una siku 30 na mwaka una siku 360. Ukiweka 1, siku ni zile za kalenda na kipindi ni kama kilivyo. Ukiweka 2 au 3, siku zilizopita ni za kalenda, lakini mwaka unachukuliwa kuwa wa siku 360 au 365. Namba 4 ni ndugu wa 0, kwa kanuni za Ulaya.

Sasa tazama kwa nini bei "inatoka vizuri tu". Kwa hati yetu, 1 inatoa 96.4824 na 0 inatoa 96.4822. Kwa milioni 50 hiyo ni tofauti ya shilingi 77. Ukiitazama bei peke yake hutajua kamwe kwamba umetumia msingi usio wake. Kosa linajitokeza kwenye riba iliyolimbikizwa. Kwa 0, kati ya 15 Machi na 10 Juni kuna siku 85 kati ya 180, na riba ni 1,416,667. Kwa 1 ni siku 87 kati ya 184, yaani 1,418,478. Kwa 3 ni siku 87 kati ya 182.5, yaani 1,430,137. Kwa 2 ni 87 kati ya 180, inafika 1,450,000.

Kati ya ndogo na kubwa kuna shilingi 33,333, kwa hati moja, kwa siku moja. SACCOS yenye hati kumi na mbili inayofunga hesabu kila mwezi itakuwa na vitabu visivyolingana na taarifa za benki, na mkaguzi atauliza.

Msingi huuchagui wewe. Umeandikwa kwenye masharti ya hati, na usipouona, chukua karatasi ya muamala uliokwisha kufanyika, tazama riba aliyotozwa mnunuzi, kisha jaribu namba hizo tano. Inayogonga hadi shilingi ndiyo yenyewe. Iandike kwenye seli yake karibu na jina la hati, ili atakayekurithi uhazini asibahatishe.

PRICE yangu inapishana na dalali kwenye hati ya Kenya, nimejaribu misingi yote mitano. (Mfanyabiashara, Sirari)

Acha kujaribu misingi. Hatifungani za Serikali ya Kenya hulipa kila baada ya siku 182, wakati PRICE inarudi nyuma kutoka tarehe ya kuiva kwa miezi sita sita. Kuanzia 15 Machi, siku 182 zinakuleta 13 Septemba, si 15. Tofauti ni siku mbili kwa kipindi kimoja, lakini kwa miaka kumi zinakuwa karibu wiki mbili, na hakuna namba ya msingi inayoziba pengo hilo. Orodhesha tarehe za kuponi mwenyewe kwa kurudisha nyuma siku 182 kutoka siku ya kuiva, kokotoa thamani ya leo ya kila malipo, jumlisha, kisha toa riba iliyolimbikizwa.

Kwa hati yoyote ya nchi yoyote, soma tarehe mbili za kuponi kwenye tangazo kabla ya kufungua Excel. Zikiangukia siku ileile ya mwezi, PRICE inakufaa. Na usichanganye jambo hili na wikendi. Kuponi ya hati yetu ya 15 Machi 2026 inaangukia Jumapili. Fedha kwa kawaida itaingia siku ya kazi inayofuata, lakini PRICE itaendelea kuihesabu tarehe 15.

Benki inanipa 13.3% kwa amana ya mwaka mmoja, riba ikilipwa mwishoni. Hatifungani ya 13% si imeshindwa? (Mama wa dagaa, Igombe)

Hapana, mama, hizo namba mbili hazijapimwa kwa kipimo kimoja. Mavuno ya YIELD ni ya nusu mwaka mara mbili: 6.5% kila miezi sita. Riba ya kwanza ikizaa tena, mwaka mzima unatoa 13.42%, na Excel inakupa namba hiyo kwa:

```
=EFFECT(13%,2)
```

Ila hiyo 13.42% inadai kila kuponi uiwekeze tena kwa 6.5% ileile. Kuponi ukiitumia kununua nyavu au kulipa ada, namba hiyo si yako. Na amana inarudi baada ya mwaka, hati hii baada ya karibu miaka mitano. Ukilazimika kuiuza mapema siku ambayo soko linadai mavuno zaidi ya 13%, bei yake itakuwa imeshuka. Badilisha 13% kwenye PRICE iwe 14% au 15% uone itashuka kiasi gani kabla hujaamua.