Mota inapokwama kwenye nyota: lini uachane na sta-delta

Ukiona mota kubwa inawashwa kwa sta-delta, yaani misuko yake ikiungwa nyota kwanza kisha pembetatu ya delta, halafu breka inaruka pale pale inapohamia delta, usikimbilie kuweka breka kubwa wala kurefusha taima. Mimi nilijaribu kurefusha taima kutoka sekunde 8 hadi 20, na nilichoambulia ni harufu ya varnishi.

Ilikuwa pampu ya kuinua maji ya mto kwenye shamba la mpunga, Morogoro. Mota ya kilowati 110, volti 400, ampea 195 ikibeba mzigo wake wote. Ukiipa umeme moja kwa moja inavuta kama mara sita ya hapo, karibu ampea 1,200. Kwenye nyota, laini inatoa theluthi tu, yaani 400 hivi. Hiyo ndiyo raha ya sta-delta. Karaha yake ni kwamba nguvu ya kuzungusha nayo hushuka hadi theluthi. Mota ile kwa umeme kamili hufika kilele cha mara 2.5 ya nguvu yake ya kawaida, kwa hiyo kwenye nyota kilele ni 0.83 tu.

Pampu nyingi unaziwasha vali ya kutokea maji ikiwa imefungwa, mzigo unakuwa mdogo, na nyota inatosha kabisa. Hii ilikuwa pampu ya panga kama la feni. Aina hiyo ukiifungia vali mzigo unazidi badala ya kupungua, kwa hiyo huwashwa wazi. Ikikaribia mwendo kamili inadai karibu nguvu yote ya mota, na 0.83 haiwezi kuifikisha.

Nilijua hivyo baada ya kubana mita kwenye waya wa laini na kutulia kuitazama. Mota iliyopaa vizuri, ampea hushuka zenyewe kabla taima haijabadilisha. Hapa mshale ulishuka kidogo, ukaganda, na mlio wa mota ukabaki ule ule. Ilikuwa imekwama chini ya mwendo wake. Kisha kontakta ya nyota inaachia, mota inakaa bila umeme kwa kitambo kidogo, delta inaingia kwa kishindo. Usumaku uliobaki kwenye rota unaweza kukutana na umeme mpya ukiwa haujalingana nao, na ampea za papo hapo zikapita hata zile za kuwasha moja kwa moja.

Tulihamia ototransfoma, inayoipa mota volti pungufu wakati wa kuwasha, yenye tepu za asilimia 50, 65 na 80 ya volti za laini. Kumbuka kuwa ampea za laini na nguvu ya kuzungusha hufuata tepu ikizidishwa kwa yenyewe. Tepu ya 65 inakupa asilimia 42, ya 80 inakupa 64. Ya 65 iliifikisha, ila kwa kuchechemea, maana kilele chake ni 1.06 tu, na volti zikishuka kidogo kinapotea. Ya 80 ilipaa kwa sekunde chache. Laini ilitoa karibu ampea 770, na transfoma ya shamba, kVA 500, ilizimudu.

Funga kwa mpangilio wa Korndörfer. Kontakta ya ncha ya nyota na ya kuingiza umeme zinafunga kwanza. Mota ikishapaa, ile ya nyota inaachia, na sehemu ya koili inabaki njiani kama choki. Ndipo ya umeme kamili inafunga. Mota haiachwi bila umeme hata kidogo, kile kishindo kikaisha. Ubaya wake ni bei, uzito na joto: koili haikuundwa kwa kuwasha kila baada ya dakika tano, kwa hiyo unganisha swichi yake ya joto kwenye saketi ya kudhibiti.

Na kuwasha kwa nusu msuko je? Hiyo utaikuta zaidi kwenye kompresa za barafu. Mota ina misuko miwili sambamba, unawasha mmoja, na baada ya sekunde moja hivi wa pili. Ampea zinakuwa kama asilimia 60 hadi 70, nguvu chini kidogo ya nusu. Ni rahisi, kontakta mbili tu, lakini mota lazima iwe imesukwa hivyo kiwandani, na kompresa isiwe na shinikizo. Nimewahi kukuta koili ya kontakta ya pili imeungua na mota inanguruma kwa nusu yake. Mita ilisoma ampea kwenye waya tatu za kwanza, sifuri kwenye nyingine. Ndiyo maana kila nusu iwe na ovalodi yake, iliyowekwa kwa nusu ya ampea za mota.

Na usidanganywe na ncha sita, maana mota ya sta-delta na ya nusu msuko zote huwa nazo. Fungua viunganishi vyote, pima kwa mita: mota ya sta-delta, kila ncha inawasiliana na moja tu. Ya nusu msuko iliyofungwa nyota ndani, kila ncha inawasiliana na mbili.