Pengo lililogeuza karatasi kuwa samaki

Neno lilikuwa moja tu: KARATASI. Herufi nane, zote kubwa, katika fonti nene yenye vijiguu, yaani vile vimstari vidogo vinavyofunga miisho ya herufi. Bango lilikuwa la kitambaa, upana wake mita 3. Tulipomaliza kulitundika, mtu wa kwanza kupita alisimama, akasoma kwa sauti: "Kara... tasi. Mnauza samaki?"

Wenzangu walicheka. Mimi nilishindwa kucheka kwa sababu yule bwana alikuwa amesoma kilichoandikwa. Kati ya A ya pili na T palikuwa na pengo la kupitisha mkono, na herufi nne za mwisho zilikuwa zimejitenga zikawa tasi kweli. Kwenye kompyuta nilikuwa nimelitazama neno hilo wiki nzima bila kuona kitu.

Nilirudi kwenye faili kutafuta kosa. Kwenye InDesign, programu ya kupanga kurasa, ukiweka kishale katikati ya herufi mbili, kisanduku cha Kerning, yaani nafasi kati ya jozi ya herufi, kinakuonyesha fonti imeamua nini kuhusu jozi hiyo, na namba ikiwa ndani ya mabano ujue imetoka kwenye fonti, hujaiweka wewe. Kati ya T na A inayofuata palisomeka (-70), yaani zimesogezwa karibu. Kati ya T hiyo na A iliyotangulia palisomeka (0), yaani hazikusogezwa. Aliyetengeneza fonti alikumbuka T inapofuatwa na A, akasahau A inapofuatwa na T. Fonti ilikuwa ya bure, na huko jozi zilizosahaulika si ajabu.

Kwa nini A na T ziachane hivyo zisiposaidiwa? Kila herufi imewekwa ndani ya kisanduku kisichoonekana, na programu hupanga visanduku, haipangi wino. A ni pana chini na nyembamba juu. T ni pana juu na nyembamba chini. Visanduku vyao vinapogusana, juu ya bega la A kunabaki weupe, na chini ya mkono wa T kunabaki weupe mwingine. Weupe huo wote macho huujumlisha na kuuhesabu kama nafasi moja kubwa. K na A, au R na A, hali ni kinyume: zote zinakanyaga chini kwa miguu iliyotanuka, na vijiguu vyao hukaribiana hadi kupigana mateke.

Ukubwa ndio unaoifichua hali hii. Namba hizo ni sehemu ya elfu moja ya em, na em ni ukubwa wa fonti yenyewe. Kwenye maandishi ya pointi 12, kosa la 85, kiasi ambacho AT ilikuja kuhitaji, ni kama pointi moja, theluthi ya milimita, na hakuna atakayelalamika. Kwenye bango langu em moja ilikuwa kama sentimita 60. Kosa lile lile la 85 linakuwa sentimita 5 na kidogo.

Sasa niwaambie nilivyoharibu zaidi kabla ya kutengeneza. Jambo la kwanza nililofanya ni lile ambalo karibu kila mtu hulifanya: nilichagua neno zima nikashusha Tracking hadi -40. Pengo la A na T likapungua, lakini bado lilikuwa kubwa kuliko mengine. Wakati huohuo mguu wa K ukapanda juu ya kijiguu cha A, na R ikafanya vivyo hivyo kwa jirani yake. Tracking hupunguza kila mahali kwa kiasi kilekile, kwa hiyo palipobana panabana zaidi na palipoachana panabaki pameachana kuliko majirani. Ni sawa na kukata sentimita moja kwenye kila mguu wa meza inayoyumba.

Nikairudisha Tracking kwenye 0 na kuanza upya, safari hii kwa kufuata mpangilio ambao sijauacha tangu siku hiyo. Kwanza naamua Tracking ya neno zima na kuifunga, maana ikibadilika baadaye inaongezeka juu ya kila jozi na kazi yote ya mkono inavurugika. Kisha natafuta jozi zinazogusana. Nazianza hizo kabla ya mapengo kwa sababu mgongano una mpaka wake: vijiguu vya K na A haviwezi kukaribiana zaidi ya pale vilipo bila kuchafuka, kwa hiyo ndivyo vinavyoniambia neno lote linaweza kubana kiasi gani. Niliipa KA +15 na RA +10, vijiguu vikaacha mwanga mwembamba kati yao. Huo ndio uliokuwa mzani wangu kwa jozi nyingine zote.

Wachapaji wa zamani, waliopanga herufi za risasi na za mbao, waliijua mantiki hii kwa mikono. Kutanua kulikuwa rahisi, unachomeka kipande chembamba cha shaba kati ya herufi mbili. Kubana kulihitaji kukata mwili wa herufi yenyewe kwa msumeno, na ukishakata hairudi. Kwa hiyo mara nyingi walitanua jozi zilizobana ili zifanane na ile iliyokataa kubana. Sisi tuna kitufe cha kurudisha, ndiyo maana tunabana ovyo.

Kabla ya kugusa jozi ya AT nilibadilisha kitu kimoja kwenye mipangilio. InDesign ukibonyeza Alt pamoja na mshale wa kushoto au kulia, nafasi inasogea kwa 20 kila hatua. Kwa bango langu hiyo ni sentimita 1.2 kwa kila mbonyezo, kama kushona kitufe kwa sindano ya magunia. Kwenye Preferences, sehemu ya Units & Increments, hatua hiyo inashushwa. Mimi naiweka 5.

Jambo jingine la kuangalia ni kwamba namba unayoandika mwenyewe inachukua nafasi ya ile ya fonti, haijumlishwi nayo. Penye (-70) ukiandika -20 ukidhani unabana kidogo zaidi, unakuwa umetanua kwa 50. Nilifanya kosa hilo kwenye jozi ya TA, na kwa dakika kadhaa nikawa naishangaa programu kana kwamba ndiyo iliyokosea. Ukitumia mishale hupati shida hiyo, kwa sababu inaanzia pale fonti ilipoishia.

Nikaanza AT kwa -70, nikidhani ikilingana na TA kwa namba italingana kwa macho. Haikulingana. Katika fonti hiyo mstari wa kulia wa A ni mnene na wa kushoto ni mwembamba, na mikono ya T haikuwa pacha. Nikashuka hadi -85 kwa AT, na TA nikaipeleka -80. Namba zilitofautiana, lakini T ikasimama katikati ya A mbili kama nguzo kati ya mapaa mawili.

Hapo ndipo nilipozidisha. Nikiwa na furaha ya kuona pengo limeziba, niliendelea hadi -110 pande zote mbili. Mikono ya T ikafunika mabega ya A, na herufi tatu zikawa donge jeusi katikati ya neno. Ajabu ni kwamba RA, ambayo nilikuwa nimeshaitosheleza, sasa ilionekana imeachana. Haikuwa imesogea hata nywele moja, majirani zake ndio waliosogeleana. Ukiona jozi uliyoimaliza inaanza kukusumbua tena, usiiguse. Angalia kwanza umefanya nini kando yake. Nikairudisha AT kwenye -85 na TA kwenye -80.

Ninavyohakiki ni kwa herufi tatu tatu. Naziba nyingine zote kwa vipande viwili vya karatasi (ndiyo, kwenye kioo cha kompyuta), nabakiza ARA, halafu RAT, halafu ATA, halafu TAS. Kila mara naangalia ile ya katikati tu: inaegemea upande gani? Ikiegemea kulia, kushoto kumeachana. Swali hilo ni jepesi kuliko kuuliza kama neno zima linapendeza. AS ilihitaji -10, na SI nikaipa +10 kwa sababu tumbo la S lilikuwa limeisogelea mno I. AR niliiacha kama ilivyokuwa.

Baada ya hapo nageuza neno juu chini. Likigeuka, akili inaacha kusoma na macho yanabaki na weusi na weupe peke yake. Pengo la AT, ambalo sikuliona wiki nzima, lilijitokeza ndani ya sekunde mbili nilipogeuza faili la zamani. Pia nalipunguza hadi liwe na upana wa kidole, kwa sababu ukikuza sana unaona herufi mbili na kulipoteza neno.

Mtu ataniuliza kwa nini nisichague Optical badala ya Metrics, inayofuata jozi za fonti, na kuondokana na haya yote. Optical haitegemei jozi za fonti, inapima maumbo yenyewe, na kwa fonti yenye jozi zilizosahaulika ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwenye KARATASI iliziba pengo la AT vizuri, ila KA ikaiacha inakanyagana. Kwa maandishi madogo ningeridhika. Kwa herufi zenye urefu wa sentimita 40, mkono bado unahitajika.

Jihadhari pia na mteja anayebadili fonti mwishoni. Namba ulizoweka kwa mkono zinabaki pale pale kwenye maandishi, lakini zilipimwa kwa maumbo mengine. -85 ya fonti yenye vijiguu niliwahi kuikuta kwenye fonti isiyo na vijiguu ambayo A yake ilikuwa imeshabana, na T ikawa imeingia ndani ya A. Fonti ikibadilika, chagua neno zima, rudisha Metrics, anza tena. Na kabla ya kupeleka kwa mchapaji natoa nakala ya pili iliyopitishwa Create Outlines, ili kompyuta yake isiyo na fonti yangu isije ikaipanga upya kazi hiyo. Nakala ya kwanza haiguswi, kwa kuwa herufi zikishageuzwa michoro huwezi tena kurekebisha hata kosa la tahajia.

Bango la pili sikulipeleka moja kwa moja. Nilichapa ATA peke yake kwa ukubwa halisi, kwenye karatasi za A4 zilizounganishwa kwa gundi, nikazibandika ukutani na kurudi nyuma hatua ishirini. Kwa umbali huo -85 ilikuwa imebana kidogo kuliko nilivyoiona mezani. Nikarudi kwenye kompyuta, nikabonyeza mshale mara moja, ikawa -80.