Milioni sita za mwenye lori ni za nani?

*Mwalimu, nakaribia mtihani wa leseni ya uwakala wa bima na kuna swali moja la mazoezi linanitoa jasho. Gari limegongwa na lori lililopita taa nyekundu, likaungua kabisa, hata mabaki hayauziki. Lilinunuliwa kwa milioni 14, likakatiwa bima ya milioni 12, na siku ya ajali bei yake sokoni ilikuwa milioni 10. Ekses ni laki 5. Kampuni ya bima ikalipa, kisha mwenye lori akatoa milioni 6. Majibu yanasema milioni 6 zote ni za kampuni. Mbona mwenye gari harudishiwi kwanza ekses yake? Na nia njema kamili inaingia wapi humu?*

Majibu yako sahihi, ila yamekuficha njia. Swali la namna hii lina maswali matatu ndani yake, na yanajibiwa kwa zamu: mkataba umesimama? Kama umesimama, mwenye bima alipwe kiasi gani? Akishalipwa, fedha inayotoka kwa aliyesababisha hasara iende kwa nani? La kwanza ni la nia njema kamili, yaani wajibu wa kusema ukweli wote wa msingi mkataba unapofungwa, la pili ni la fidia, la tatu ni la haki ya kushika nafasi, ambayo wengine huiita subrogesheni. Watahiniwa wengi hurukia la tatu kwa sababu ndilo lenye hesabu.

Nia njema kamili sitakaa nayo sana, kwa kuwa swali lako halikutaja kosa lolote kwenye fomu ya maombi. Lakini mtunga mtihani akiongeza sentensi moja tu, kwamba mwenye gari aliandika analitumia kwa safari zake binafsi kumbe alikuwa akibeba abiria kwa malipo, mambo yote yanageuka. Huo ni ukweli wa msingi, maana yake jambo ambalo kampuni makini ingelizingatia katika kuamua ikubali au ikatae bima, au itoze ada gani. Kwa kanuni ya zamani, ile iliyotokana na kesi ya Carter dhidi ya Boehm ya mwaka 1766, kampuni inaweza kuufuta mkataba tangu siku ya kwanza, hata kama jambo lililofichwa halikuhusiana na ajali yenyewe. Hapo ndipo wengi huteleza: wanasema gari liligongwa likiwa halina abiria, basi madai yalipwe. Kanuni hiyo haiulizi kilichosababisha ajali, inaulizia kilichosemwa mkataba ulipokuwa ukifungwa. Nchi nyingine zimeilegeza. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 2015, mteja wa kibiashara aliyekosea bila kukusudia anaweza kupunguziwa malipo badala ya kunyimwa yote. Kwenye mtihani, fuata sheria ya nchi inayokutahini.

Tuseme fomu haina kasoro. Fidia inamrudisha mwenye bima pale alipokuwa dakika moja kabla ya hasara, asipande juu ya hapo. Milioni 14 aliyonunulia ni historia. Milioni 12 ni dari, yaani kampuni haitavuka hapo, lakini si ahadi kwamba atalipwa hiyo. Alichopoteza siku ile ni gari la milioni 10. Toa ekses, ile sehemu ya kwanza ya hasara aliyokubali kuibeba mwenyewe, na kampuni inalipa milioni 9 na laki 5. Jibu lingebadilika, kwa mfano, kama mkataba ungekuwa wa thamani iliyokubaliwa mapema, kama ilivyo kwa meli nyingi na vitu vya sanaa.

Sasa lile linalokukera. Kampuni ikishalipa, inavaa viatu vya mwenye gari na kumdai mwenye lori, mara nyingi kwa jina lake huyo mwenye gari. Haki hiyo ni mtoto wa fidia: bila yake, mwenye gari angelipwa na kampuni, kisha akalipwa tena na mwenye lori kwa hasara ileile. Fedha ikipatikana pungufu, haigawanywi nusu kwa nusu, wala haanzi yule anayelalamika zaidi. Ione hasara kama jengo la ghorofa. Chini kabisa imelala ekses, juu yake malipo ya kampuni, na juu zaidi hasara yoyote iliyovuka dari ya bima. Fedha inayorudi inajaza kuanzia juu kwenda chini. Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa wakati huo mahakama ya juu kabisa nchini humo, liliuweka mpangilio huo katika kesi ya Napier dhidi ya Hunter, iliyochapishwa mwaka 1993, na mantiki yake ni nyepesi: aliyekubali ekses alikubali kuwa wa kwanza kuumia, kwa hiyo anakuwa wa mwisho kupona.

Kwa gari lako hakuna tabaka la juu, kwa sababu dari ya milioni 12 imezidi hasara ya milioni 10. Milioni 6 zinaanguka moja kwa moja kwenye tabaka la kampuni, ambayo bado inabaki na pengo la milioni 3 na laki 5. Ekses haijafikiwa. Mwenye lori angelipa milioni 10 kamili, kampuni ingechukua milioni 9 na laki 5, na mwenye gari angepata laki 5 zake.

Ibadilishe kidogo uone kama umeelewa. Gari lilelile limekatiwa bima ya milioni 8 tu, na mkataba hauna kifungu cha uwiano, kile kinachopunguza malipo kwa kuwa bima ni pungufu ya thamani ya gari. Kampuni inalipa milioni 8 kasoro laki 5, yaani milioni 7 na laki 5. Milioni 2 zilizovuka dari zinabaki kwa mwenye gari kama tabaka la juu. Milioni 6 zikija, milioni 2 za kwanza ni zake, milioni 4 zinazobaki ni za kampuni, na ekses bado haipati kitu. Mtu mmoja, hasara moja, lakini yuko mbele ya kampuni kwa sehemu moja na nyuma yake kwa nyingine. Mkataba ukitaja mgawanyo tofauti, unafuatwa mkataba.

Kuna mitego miwili inayopenda kujitokeza baada ya hapa. Wa kwanza, mwenye gari anapokea laki 8 pale barabarani na kutia saini kwamba hamdai tena mwenye lori. Ameua haki ambayo kampuni ingeishika, kwa hiyo kampuni inaweza kumdai au kumkata kiasi ilichopoteza kwa saini hiyo.

Wa pili ni kampuni kupata zaidi ya ilicholipa. Meli moja iliharibika kabisa mwaka 1945 baada ya kugongwa, na kampuni ya bima ya Yorkshire ikawalipa wenye meli, Nisbet, pauni 72,000 za thamani iliyokubaliwa. Fidia kutoka kwa serikali ya Kanada, iliyomiliki meli iliyoigonga, ilikuja miaka mingi baadaye. Kwa kuwa ilihesabiwa kwa dola za Kanada, na pauni ilikuwa imeshushwa thamani mwaka 1949, fedha hiyo ikafika karibu pauni 127,000. Kampuni ikaitaka yote. Mahakama ikasema haki yake inaishia kwenye 72,000 ilizolipa, na ziada ikabaki kwa wenye meli.