Bili ya maji kwenye picha, na jedwali lililonirudishia shilingi 36,800

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nasikia una jedwali la bili za maji. Nitumie na mimi nijaze." Nikamtumia. Baada ya siku mbili akarudi akilalamika kuwa jedwali limemwambia nyumba yake imetumia uniti 900 kwa mwezi, wakati wao ni watu watatu. Nilicheka, kisha nikaona aibu, maana nami nilianza hivyohivyo, na kwangu kosa la namna hiyo lilimuumiza mtu.

Nasimamia nyumba ya mama. Ina vyumba vitano vya wapangaji na mita moja ya maji, na kila mwezi bili inagawanywa. Mimi naishi mbali, kwa hiyo bili inanifikia kwa picha ya simu. Zamani nilikuwa naangalia jumla tu, nagawa kwa tano, natuma ujumbe wa kudai, basi. Juni mwaka 2025 nikasema nifanye kisomi, kila bili iingie kwenye jedwali la Google Sheets.

Julai nikaaibika. Picha ilikuja na karatasi imekunjwa, mkunjo umepita juu ya usomaji wa sasa wa mita. Nikaandika 1,296. Jedwali likatoa usomaji uliopita, 1,264, likaniambia uniti 32. Mwezi wa nyuma zilikuwa 23! Nikapiga simu moja kwa moja kwa mama wa chumba cha mbele, yule mwenye watoto wengi, nikamweleza habari za mabomba kuachwa wazi. Sikuuliza, nilihukumu. Hakujibu kitu. Jumamosi nilipofika pale alitoa karatasi yenyewe kwenye mfuko wa kanga, akaninyoshea kidole: "Mwanangu, hii ni nane au ni tisa?"

Ilikuwa nane. 1,286. Uniti 22, yaani pungufu ya mwezi uliotangulia.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba bili ilikuwa imeandika "Matumizi: 22" mstari wa chini yake, wazi kabisa, wala mkunjo haukufika hapo. Sikuunakili kwa sababu nilijiona mjanja: kwa nini niandike namba ambayo jedwali linaweza kuikokotoa lenyewe? Sasa nakuambia ndugu yangu, kila kitu kilichochapwa kwenye bili kiandike kama kilivyochapwa, hata kama unaweza kukikokotoa. Hesabu yako iweke safu ya pembeni. Namba mbili zilizopatikana kwa njia mbili zikikubaliana, umesoma sawa. Zikigombana, rudi kwenye picha kabla hujamgusa mtu.

Picha yenyewe haina mambo mengi. Laza karatasi mezani karibu na mlango, mchana, zima taa ya kamera kwa sababu inaacha doa jeupe juu ya tarakimu, simu iwe sambamba na karatasi. Kama unatumiwa kwa WhatsApp, mwambie anayetuma aitume kama faili, kupitia Document, kwa sababu picha ikitumwa kawaida inabanwa na tarakimu ndogo zinavimba. Na kama bili yenu inatoka kwenye ile karatasi laini ya risiti, piga picha siku hiyohiyo. Ikikaa juani inafifia mpaka inabaki nyeupe.

Kuhusu kutoa maandishi kwenye picha, naitumia Google Drive: nafungua picha kwa Open with, kisha Google Docs, maandishi yanatokea chini ya picha. Inafanya kazi vizuri kwa sentensi. Kwa bili inachanganya, kwa sababu bili ina majina upande wa kushoto na namba upande wa kulia, na mara nyingi unapewa majina yote kwanza, halafu namba zote zimerundikana chini bila kujua ipi ni ya nani. Ndiyo ile uniti 900 ya msomaji wangu: alichukua namba iliyokuwa ya mstari mwingine. Mimi nanakili kutoka humo namba ya akaunti na ile namba ya malipo ya tarakimu 12, kisha nazihesabu tarakimu. Safu hizo nazigeuza kwanza kuwa Plain text, la sivyo akaunti inayoanza na sifuri inapoteza sifuri yake. Usomaji wa mita nauandika kwa mkono, nikiwa nimeikuza picha. Ni namba mbili tu, uvivu wa nini?

Tarehe nayo ilinitia matatani. Bili ya Agosti ilisema mwisho wa kulipa ni 10/09/2025. Jedwali langu lilikuwa kwenye mpangilio wa Marekani, likasoma Oktoba 9. Nikajiona nina mwezi mzima wa kupumua. Aliyeniokoa ni mpangaji aliyeuliza mbona ujumbe wa kudai hela haujaja. Ingia File, Settings, kwenye Locale weka United Kingdom, kisha andika tarehe moja unayoijua uone inasomwaje. Dalili nyingine: tarehe kama 25/06/2025 ikikaa upande wa kushoto wa kisanduku, ujue jedwali limeshindwa kuielewa, limeiweka kama maneno tu.

Sasa nije kwenye lile la fahari. Hili ndilo jedwali langu la miezi minne. Bei ya uniti kwenye bili yangu nimeizungusha iwe 1,600 ili hesabu ifuatike. Yako isome kwenye bili yako.

| Mwezi | Uliopita | Wa sasa | Aina | Uniti | Tozo | Deni la nyuma | Mwisho wa kulipa |
|---|---|---|---|---|---|---|---|
| Juni | 1,241 | 1,264 | Halisi | 23 | 36,800 | 0 | 10/07/2025 |
| Julai | 1,264 | 1,286 | Halisi | 22 | 35,200 | 0 | 11/08/2025 |
| Agosti | 1,286 | 1,309 | Makadirio | 23 | 36,800 | 0 | 10/09/2025 |
| Septemba | 1,286 | 1,333 | Halisi | 47 | 75,200 | 0 | 10/10/2025 |

Deni la nyuma lina safu yake, na usilichanganye na tozo ya mwezi. Ukichukua jumla kubwa ya chini ya bili ukaiita matumizi, mwezi ambao hukulipa utaonekana kama bomba limepasuka.

Safu ya tisa mpaka ya kumi na moja, ambazo sikuziweka hapo juu kwa kukosa nafasi, ni za visivyo vya kawaida. Haziandikwi kwa macho, zinaandikwa na fomula, moja kila safu. Ukianza mstari wa 2, mstari wa 5 ndio Septemba:

```
=IF(C5-B5<>E5,"Uniti hazilingani","")
=IF(B5<>C4,"Usomaji haufuatani","")
=IF(E5>1.5*AVERAGE(E2:E4),"Matumizi makubwa","")
```

Ya kwanza Septemba ilinyamaza, maana 1,333 ukitoa 1,286 ni 47 kweli. Bei nayo ilikubali: 47 mara 1,600 ni 75,200. Mtu anayehakiki bili moja peke yake angesema bili iko sahihi, alipe. Ya tatu ikapiga kelele, kwa kuwa wastani wa miezi mitatu ni chini ya uniti 23. Lakini kelele hiyo haisemi sababu. Mimi wa Julai ningeshika simu hapo na kumgombeza mtu.

Fomula ya pili ndiyo iliyofichua. Bili ya mwezi huu lazima ianzie pale ya mwezi uliopita ilipoishia. Agosti iliishia 1,309. Septemba imeanzia 1,286, nyuma kabisa, pale Julai ilipoishia.

Kwa nini? Tazama safu ya aina. Agosti msoma mita hakufika, wakakadiria. Septemba akafika, akakuta 1,333, na mfumo ukarudi kwenye usomaji halisi wa mwisho, ule wa Julai. Kufanya hivyo si wizi. Uniti 47 ni matumizi ya kweli ya miezi miwili. Ila ukirudi nyuma hivyo, lazima zile 36,800 za Agosti, ambazo tulishazilipa, ziondolewe kwenye mstari wa marekebisho. Nilikagua picha juu mpaka chini, na hapakuwa na mstari wa marekebisho. Tulikuwa tunalipishwa Agosti mara mbili. Haki ya mamlaka ya maji ilikuwa 1,333 kutoa 1,309, uniti 24, shilingi 38,400. Tofauti ni 36,800 kamili, sawasawa na bili ya Agosti, na uniti 24 kuwa karibu sawa na za miezi ya nyuma ndiko kulikonipa uhakika kwamba hakuna bomba linalovuja.

Ofisini kwao karani aliniambia kipindi hiki wengi wanalalamika, ni joto, watu wanaoga sana. Sikubishana naye. Niliweka simu juu ya meza: picha ya Julai, picha ya Agosti yenye neno makadirio, picha ya Septemba, na risiti ya malipo. Nikamwonyesha namba moja tu, 1,286, inavyojitokeza mwanzoni mwa bili mbili tofauti. Akaita mwenzake. Nikaondoka na bili mpya ya 38,400. Nakiri nilitembea kifua mbele mpaka kituo cha daladala.

Ila msije na jedwali mkidhani kila mwezi mtarudishiwa hela. Kama usomaji unafuatana, aina ni halisi, na bado matumizi yamepanda, basi maji yametumika au yamevuja. Hesabu kwanza siku kati ya usomaji na usomaji, maana msoma mita akichelewa wiki mbili bili inanenepa bila kosa la yeyote. Kisha usiku funga mabomba yote, piga picha ya mita, piga nyingine alfajiri kabla mtu hajachota. Namba ikiwa imesogea, tafuta bomba la chini ya ardhi au tangi la choo. Ikiwa imesimama, hapo ndipo uanze kuzungumza na watu, na uanze kwa salamu.

Na watendeeni haki wapangaji pia. Niliporudi na bili mpya niliwagawia upya, kila chumba 7,680 badala ya 15,040, nikatuma na jedwali lenyewe kwenye kundi letu ili kila mtu ahakiki. Mwenye nyumba anayeficha bili huku akidai hela hana tofauti na yule karani wa joto.

Siku hizi picha ya bili inapigwa na yule mama wa chumba cha mbele. Alijitolea mwenyewe. Inakuja imenyooka, mchana kweupe, kila tarakimu inasomeka, na pembeni ameweka picha ya pili ya mita yenyewe. Anaituma kama faili, bila salamu, bila neno. Mimi najibu, "Shikamoo mama, asante." Tiki mbili zinageuka bluu, basi.